Noti Ndefu Haichukui Kila Neno

Mtunzi wa taarabu anapokaa kuandika shairi la kuimbwa, huamua vina mapema sana, mara nyingi kabla hajajua ubeti wa tatu utasema nini. Mistari iishie na silabi gani? Akichagua "ni", mwimbaji atakuwa na "ni" tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Akichagua "ra", atakuwa na "ra". Kwenye karatasi vina hivyo viwili ni sawa, vyote vina maneno tele, na anayesoma kwa macho hahisi kitu. Tofauti huzuka pale mwimbaji anapofika mwisho wa mstari, muziki ukamtaka avute sauti. Umbo la kinywa chake pale limekwishaamuliwa na mtu aliyekuwa na kalamu.

Waswahili tuna bahati katika jambo hili. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo anayevuta sauti mwishoni mwa mstari huwa anavuta a, e, i, o au u. Hakuna konsonanti ya kumkatia njia. Lakini irabu hizo tano hazina nguvu sawa mbele ya noti iliyo juu na ndefu, na sababu yake inaweza kushikwa kwa vidole.

Tamka "i", kisha "a", ukiwa umeweka kidole kidevuni. Kwenye "i" taya liko juu, ulimi umepanda karibu na kaakaa, na hewa inapita kwenye upenyo mwembamba. Kwenye "u" upenyo umehamia nyuma ya ulimi, na midomo nayo imejikunja. Kwenye "a" taya linashuka, ulimi unalala, na kinywa kinakuwa uwazi mmoja mpana. "E" na "o" ziko katikati. Ndiyo maana wanaofundisha fonetiki huziita "i" na "u" irabu za juu, na "a" irabu ya chini: wanazungumzia mahali ulimi ulipo.

Sasa, kinywa na koo kwa pamoja ni chemba, na kila chemba ina sauti yake inayopenda kuikuza. Unaweza kuisikia bila kuimba. Zuia pumzi, weka kinywa katika umbo la "i" bila kutoa sauti, kisha piga kidogo shingo kwa kucha, kando ya koromeo. Utasikia mlio mzito, wa chini. Geuza kinywa kiwe cha "e", halafu cha "a", ukiendelea kupiga. Mlio unapanda. Ule wa "a" ndio wa juu kuliko yote.

Kwa wanawake, mlio huo wa kwanza wa chemba huwa, kwa makadirio, kwenye mitetemo 300 hadi 400 kwa sekunde kwa "i" na "u". Kwa "e" na "o" ni kama 450 hadi 600, na kwa "a" ni kati ya 700 na 900. Ile "la" ya katikati ambayo vyombo hupimiwa ni mitetemo 440. Linganisha mwenyewe. Mwanamke anayeimba "la" hiyo kwa neno lenye "i" tayari ameipita chemba yake: sauti anayoitoa kooni iko juu ya ile ambayo kinywa chake kiko tayari kuikuza. Akiimba noti ileile kwa "a", chemba bado iko juu yake, na inamsaidia.

Katika noti fupi hilo halina madhara. Sauti inapita, mwimbaji amekwishahamia silabi nyingine. Ni pale mambo matatu yanapokutana, noti kuwa juu, kuwa ndefu na kutakiwa iwe na nguvu, ndipo shida inapoanza. Mwimbaji aliyekwama kwenye "i" ana njia mbili. Ya kwanza ni kusukuma pumzi kwa nguvu ili kufidia msaada wa chemba alioukosa. Sauti inakuwa nyembamba na kali, misuli ya shingo inachomoza, kidevu kinapanda, na baada ya sekunde tatu au nne noti inaanza kushuka. Mwalimu wa kwaya asiye na sikio zuri atamwambia dada yule aongeze pumzi. Pumzi anayo. Anachokosa ni nafasi kinywani.

Njia ya pili ndiyo waimbaji wazuri huifuata, wengi bila kuambiwa: wanashusha taya kadiri noti inavyopanda. Johan Sundberg, mtafiti wa sauti za waimbaji huko Stockholm, aliieleza tabia hii katika miaka ya 1970. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature vipimo vilivyochukuliwa midomoni mwa waimbaji wenyewe. Walionyesha kwamba waimbaji wa sauti ya kwanza waliofunzwa hulinganisha mlio wa chemba yao na noti wanayoiimba. Noti ikipanda, chemba inapandishwa nayo. Lakini kinywa kikishafunguka hivyo, "i" haiwi "i" tena. Inakuwa kama "e", halafu inasogea kuelekea "a". Noti ikiwa juu sana irabu zote hufanana, na msikilizaji hawezi tena kuzitenganisha. Aliyewahi kusikiliza opera bila kuambulia neno hata moja, sababu mojawapo ndiyo hiyo, na hata Mwitaliano humpata.

Kwa Kiswahili hasara haiishii kwenye neno kusikika vibaya. Irabu ya mwisho wa kitenzi chetu hubeba sarufi. Mtunzi anaandika "sikuachi", ahadi ya mtu asiyeondoka, kisha anaiweka "chi" kwenye noti ya juu kuliko zote na kuivuta. Mwimbaji anafungua kinywa kujiokoa, na ukumbi unasikia "sikuacha". Ahadi imegeuka maelezo ya jambo lililopita. "Hapendi" ikifunguliwa inasogea kwenye "apende". Wasikilizaji watakisia maana kutokana na maneno mengine, maana watu si wajinga, lakini mtunzi amewapa kazi ya kukisia katika sekunde ambazo wimbo ulitaka wahisi.

Sarufi hiyohiyo ndiyo inayotupa njia ya kutoka. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kibantu, vikiwa katika hali ya kukubali, huishia na "a": napenda, nimekuja, tutaimba. Vikikanusha wakati uliopo huishia na "i": sipendi, siji, hatuimbi. Vikiomba au kuamuru kwa upole huishia na "e": nipende, uje, tuimbe. Kwa hiyo, mtunzi anayetaka mwisho wa mstari wake uwe wazi anaweza kuugeuza usemi kutoka kukana kwenda kukubali. "Silali" inakuwa "nakesha". Maana ni ileile, na mwimbaji amepata "e" na "a" badala ya "a" na "i".

Vitenzi tulivyovichukua kutoka Kiarabu ndivyo wakaidi. Rudi, subiri, fikiri, amini, shukuru, jibu: hivi hubaki na irabu zao katika hali zote. Mtunzi wa nyimbo za kanisani anajua jinsi "tunashukuru" inavyotaka kukaa mwisho wa kiitikio, na jinsi sauti ya kwanza inavyosinyaa pale. Hapo dawa inaweza kuwa nomino. "Shukrani" inaishia na "i" nayo, lakini silabi yake ya pili kutoka mwisho ni "ra", na ndiyo yenye mkazo.

Hili la mkazo linahitaji nafasi, maana watunzi wengi huangalia irabu ya mwisho peke yake. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni iliyotungwa vizuri kwa maneno ya Kiswahili huipa silabi hiyo pigo la nguvu, na mara nyingi huivuta hiyo, kisha silabi ya mwisho inaanguka kwa wepesi. Tuni zilizokuja na tenzi za Ulaya hazikutungwa hivyo. Mistari ya tenzi za Kiingereza na Kijerumani mara nyingi huishia na silabi yenye mkazo, na noti ndefu ikawekwa hapo. Tenzi zilipotafsiriwa, noti hiyo ndefu iliiangukia silabi yetu ya mwisho, ambayo katika mazungumzo hatuipi uzito, na ambayo ikiwa "i" au "u" huweza kufifia kabisa, kama tunavyosema "watu" au "kiti" kwa haraka. Ndiyo sababu nyimbo nyingine tulizorithi huwachosha waimbaji wetu kuliko zile tulizotunga wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulaumu irabu, tazama kwanza ni silabi gani noti ndefu imeikalia.

Neno "mbinguni" ni baya pande zote mbili: "u" kwenye mkazo na "i" mwishoni. "Sayuni" vilevile. Inachekesha kidogo kwamba mahali ambako kwaya zetu zinatamani sana kufika pamepewa majina yasiyovutika. "Peponi" ni afadhali, maana "po" inashikika vizuri. "Bwana" na "Mola", kwa upande mwingine, ni zawadi, na nadhani hilo limechangia kuyafanya yadumu kwenye viitikio. Kuna na maneno yenye irabu pacha, kama jaa, ng'aa, pambazukaa ya mkokotezo, shujaa, mzee, kondoo. Hayo hubeba mkazo na mwisho juu ya irabu moja, na mwimbaji hana haja ya kubadili umbo la kinywa katikati ya noti. Anayetunga wimbo wa nchi naye ana la kufikiria: "nchi" ina mkazo juu ya "n", sauti ya puani isiyovutika kwa nguvu, kisha "chi". "Taifa" na "Kenya" na "Tanzania" yote huishia na mlango wazi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mtunzi ana kiitikio cha mistari minne, kila mstari mizani 8, kwa wimbo wa kumpokea mtu aliyekuwa safarini. Tuni anayo tayari. Mwendo ni mapigo 60 kwa dakika. Mistari mitatu ya kwanza huishia na noti za mapigo mawili, ya nne huishia na noti ya mapigo 8, nayo ni "re" ya juu, kama mitetemo 587 kwa sekunde. Sauti ya kwanza itaivuta silabi hiyo kwa sekunde nane. Maneno yake ya kwanza ni haya:

Nimengoja siku hii,
moyo wangu una kiu,
leo hii umerudi,
nyumba yangu ina nuru.

Kama shairi la kusoma, halina ubaya mkubwa. Picha ya kiu ni nzuri, na "nuru" ni neno lenye heshima. Sasa andika irabu za miisho peke yake: i, u, i, u. Halafu chukua "nuru" uiangalie ilivyokaa juu ya "re" ile. Irabu zake zote mbili ni "u", na chemba ya "u" iko mbali chini ya 587. Kwaya itafanya mojawapo ya mambo mawili. Itaivuta "ru" kwa midomo iliyokunjwa na kutoa mlio mwembamba unaopotea nyuma ya kinanda, au itafungua kinywa na watu wasikie "nuro".

Mtunzi asianze kwa kutafuta neno jipya la mwisho. Aanze kwa kupindua mstari. Kiswahili kinaruhusu mtendwa atangulie na kitenzi kije mwisho, na washairi wetu wana jina la uhuru huo, kuboronga sarufi. "Nimengoja siku hii" inageuka "siku hii nimengoja". Mizani ni zilezile 8, maneno ni yaleyale, na mwisho umekuwa "ngo" na "ja", irabu mbili zinazovutika. Mstari wa tatu ni mgumu zaidi, kwa kuwa "rudi" hairudi nyuma. "Leo hii umekuja" inatoa kina cha "ja", ila imepoteza maana ya kurejea. "Leo umesharejea" inaihifadhi maana hiyo kwa mizani 8 kamili na inaishia na "e" na "a", lakini inavunja kina. Hapa mimi ningechukua "umekuja", kwa sababu mstari wa kwanza umekwisha kusema kuna mtu aliyengojwa. Mwingine ataona vingine.

Mstari wa nne ndio uliotuleta hapa. Nyumba yenye nuru ni nyumba inayong'aa. "Nyumba yangu inang'aa" ni mizani 8, na sekunde nane zote zinakaa juu ya "a" tupu. Kilichobaki ni mstari wa pili ukutane nao kwa kina. Kiu haiwezi kubaki mwishoni, na hapo mtunzi anapoteza kitu halisi. Anaweza kuweka kiza mahali pa kiu, kisha akaboronga tena:

Siku hii nimengoja,
moyo kiza umejaa,
leo hii umekuja,
nyumba yangu inang'aa.

Vina ni "ja" na "a", kwa kupokezana. Kiza kimekuja kwa ajili ya kinywa cha mwimbaji, lakini kimeifanya na nyumba kung'aa iwe na sababu. Isingekuwa hivyo kila mara. Ipo mistari ambayo ukiifungua irabu unaua picha, na kama picha ndiyo roho ya wimbo, ni heri ubadilishe tuni.

Kanuni hii ina mipaka yake, na wapenda kanuni huisahau. Haimgusi sana mwimbaji wa besi, ambaye noti zake nyingi ziko chini ya mitetemo 250, chini ya chemba ya irabu zote. Akipewa "mbinguni" ataivuta kwa raha. Mwanamke anayeimba kwa sauti ya chini, kama walivyo waimbaji wengi wa taarabu, ana shida kidogo kuliko msichana wa sauti ya kwanza kanisani. Kipaza sauti nacho kimebadilisha mambo. Mwimbaji wa leo anaweza kuivuta "i" kwa upole karibu na maikrofoni, na ile "i" ina ukali fulani wa juu unaopenya katikati ya ngoma na magitaa. Bongo Fleva imejaa "i" za namna hiyo, na nyingine ni tamu. Na "a" yenyewe si salama ya kupita kiasi. Kwaya ya watu arobaini ikiachiwa "a" bila malezi, hasa wanaume wa sauti ya tatu wanapopanda, itapayuka. Walimu wengi huwataka waielekeze kidogo kwenye "o" ili sauti ziungane.

Kuna kosa moja ambalo huharibu hata irabu nzuri. Silabi zetu huishia na irabu, na "nz", "mb", "nd" au "ng" huanza silabi inayofuata: pe-nzi, nyu-mba, pe-nda. Mwimbaji asiyeangalia hufunga mapema. Anaivuta "pe" kwa pigo moja, halafu anahamia kwenye "n" na kukaa puani mapigo matatu yaliyobaki. Utaijua kwa sikio: sauti inazimika ghafla huku noti ikiendelea. Ukitaka uhakika, mwambie aibane pua kwa vidole anapovuta. Irabu safi haibadiliki, lakini aliyekwishahamia kwenye "n" atanyamaza. Dawa ni kumtaka aishike "e" mpaka pigo la mwisho, kisha aiseme "nzi" kwa haraka kwenye pigo linalofuata.

Na maneno yasiyobadilika je? Sala haibadilishwi, wala aya ya maandiko, wala ubeti wa marehemu aliyetuachia shairi. Hapo kazi inahamia kwa mwimbaji. Afikirie "i", ulimi ubaki juu mbele, lakini taya lishuke upana wa kidole kimoja, na noti ikiwa juu zaidi, vidole viwili. Kwa "u" midomo ibaki na mviringo mdogo huku meno yakiachana, itoke sauti iliyo kati ya "u" na "o". Konsonanti zitamkwe kwa ukali kuliko kawaida, maana zikisikika vizuri, sikio hujijazia irabu lenyewe.

Mtunzi ambaye bado ana kalamu mkononi hana sababu ya kumfikisha mtu huko. Kabla ya kuandika maneno, aipige tuni, atie alama kwenye noti zilizo juu na ndefu, ambazo katika wimbo mmoja huwa chache, pengine tatu au nne. Hapo ndipo atafute "a", akikosa "o" au "e", na kwingine kote aandike apendavyo. Akishamaliza asiuimbe yeye peke yake kwa sauti yake ya chini. Ampe dada wa sauti ya kwanza auimbe mara tatu mfululizo, amtazame shingo na kidevu. Na kama neno lililokwama ni jina la bibi harusi, Zuhura au Mwajuma, jina liachwe lilivyo, noti ndiyo ishushwe.